Faili la usiku kutoka SFTP: ripoti pungufu, ripoti maradufu

> Wakuu, mfumo wetu wa zamani unadondosha faili la TXT kila usiku kwenye seva ya SFTP. Nimeandika skripti inayolivuta saa nane usiku na kuliingiza kwenye PostgreSQL, ripoti zisome humo. Siku nyingine ripoti inakuja pungufu, siku nyingine miamala inajirudia mara mbili. Nakosea wapi?

Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake. Nianze na ripoti pungufu, maana hilo ndilo linaloweza kupita miezi bila mtu kushtuka.

Nimewahi kutunza ripoti za chama cha akiba na mikopo ambacho mfumo wake mkuu uliandikwa kwa COBOL, na aliyeuandika alishastaafu. Usiku mfumo ulifunga siku, ukakokotoa riba, kisha ukaanza kumwaga miamala kwenye faili. Sasa, faili huonekana kwenye folda tangu mstari wa kwanza unapoandikwa. SFTP haijui kama anayeandika amemaliza. Ukiliomba, unapewa kilichopo wakati huo, na amri inaisha salama bila kulalamika. Siku za kawaida kazi inawahi kuisha, nawe unaona mambo shwari. Mwisho wa mwezi miamala ni mingi, kazi inachelewa, na saa nane unaondoka na nusu ya faili. Zipange siku zako pungufu kwenye kalenda uone zinaangukia wapi.

Hakikisha pia saa ya seva inayoendesha cron. `0 2 * * *` ni saa nane usiku ikiwa seva imewekwa saa za Afrika Mashariki. Ikiwa iko UTC, kwetu hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Amri ya `date` itakuambia.

Dawa bora iko upande wa anayeandika: aliandike faili kwa jina la muda, kwa mfano `MIAMALA.TMP`, na akimaliza alibadilishe jina. Kubadilisha jina ndani ya diski ileile hufanyika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo faili lenye jina kamili huwa limekwisha. Wakikataa kugusa mfumo, na mara nyingi watakataa, omba angalau waongeze hatua ya mwisho ya kuweka faili tupu lenye mwisho wa `.OK`. Skripti yako isivute chochote kabla ya kuliona. Wengi hupima ukubwa wa faili mara mbili na kusema usipobadilika basi limeisha. Mimi siiamini njia hiyo. Kazi ya usiku inaweza kukwama dakika kadhaa ikisubiri jedwali lililofungwa, kisha ikaendelea.

Hata ukipata hizo alama, usiache kusoma mstari wa kufunga. Mifumo mingi ya zama hizo huweka mstari wa kichwa wenye tarehe, mistari ya data, kisha mstari wa mwisho wenye idadi na jumla. Mfano mdogo:

```
H20240531
D0010004521000000150000{
D0010007733000000020000}
D0010009018000000007525N
T00000000300000000122474E
```

Kwenye mistari ya D, baada ya herufi ya kwanza kuna tarakimu 10 za akaunti, kisha nafasi 13 za kiasi. Nukta ya senti haiandikwi, ila tarakimu mbili za mwisho ndizo senti. Zile alama mwishoni si uchafu. Ni tarakimu ya mwisho na ishara ya hesabu vimebanwa pamoja: `{` ni sifuri ya chanya, na `A` hadi `I` ni 1 hadi 9 za chanya, `}` ni sifuri ya hasi, na `J` hadi `R` ni 1 hadi 9 za hasi. Kwa hiyo mstari wa kwanza ni 15,000.00 zilizoingia, wa pili ni 2,000.00 zilizotoka, na wa tatu ni 752.55 zilizotoka, maana `N` ni 5 ya hasi. Jumla ni 12,247.45. Mstari wa T unasema mistari 3 na jumla 1224745 ya chanya, kwani `E` ni 5. Vimelingana, faili ni zima.

Nimeona skripti inayofuta kila kisicho tarakimu ili "kusafisha". Hapo 752.55 iliyotoka inageuka 75.25 iliyoingia, na hakuna kosa linalotokea popote. Ukilinganisha jumla na mstari wa T unalinasa usiku uleule. Ila uliza kwanza kama idadi iliyoandikwa inahesabu mistari ya D pekee au na H na T pia, mifumo hutofautiana.

Kuvuta kwenyewe ni kazi nyepesi:

```
sftp -b amri.txt -i ~/.ssh/ripoti ripoti@seva || exit 1
```

Ndani ya `amri.txt` weka `get` ya jina kamili la faili, na lishukie kwenye folda ya muda, si ile ambayo kipakiaji kinaisoma. Kwa `-b`, `get` ikishindwa amri yote inakatika na kurudisha kosa, ndiyo maana nimeweka `exit 1`. Tumia ufunguo badala ya nenosiri. Halafu usizime ukaguzi wa ufunguo wa seva kwa `StrictHostKeyChecking=no` eti kwa sababu cron ilikwama mara ya kwanza. Mwombe msimamizi wa seva alama ya ufunguo wake, ilinganishe na unayoonyeshwa, ndipo ukubali iingie kwenye `known_hosts`.

Sasa miamala kujirudia. Bila shaka skripti iliendeshwa tena, na `INSERT` ikaongeza juu ya iliyokuwepo. Usitegemee watu kukumbuka kutoendesha mara mbili. Mwaga faili lote kwanza kwenye jedwali ghafi, lihakiki dhidi ya mstari wa T, kisha badilisha siku nzima kwa mkupuo:

```
BEGIN;
DELETE FROM miamala WHERE siku = '2024-05-31';
INSERT INTO miamala (siku, akaunti, kiasi)
  SELECT siku, akaunti, kiasi FROM miamala_ghafi;
COMMIT;
```

Ukiiendesha tena na tena, matokeo ni yaleyale, na ikikatika katikati data ya awali inabaki. Jedwali ghafi lisafishwe kabla ya kila upakiaji, la sivyo umehamisha tatizo tu. Njia hii inadai faili libebe siku nzima. Kama mfumo wenu unatoa mafaili kadhaa kwa siku, ongeza safu ya jina la faili na ufute kwa hilo.

Tarehe itoke kwenye mstari wa H, kamwe si kwenye saa ya kompyuta. Faili la Ijumaa 31 Mei 2024 linaandikwa usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo skripti inayotumia tarehe ya leo ingeyapeleka mapato ya Mei kwenye Juni. Mhasibu atakufuata.

Mwisho, acha kuvuta mara moja. Cron ijaribu kila dakika 15 kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na iishie hapo mara siku hiyo ikishapakiwa. Ikifika saa kumi na mbili bila faili zima, itume ujumbe kwako, na ripoti ibaki na ya jana ikiwa na maandishi "Data hadi" na tarehe ya H juu kabisa, bosi aone kabla hajaanza kusoma namba.