Muhtasari wa webina ya wananchi: usiandike "jopo lilijibu" kabla hujajua nani kasema nini

Mimi ni katibu wa kamati ya maji mtaani kwetu, kazi niliyopewa kwa sababu naandika haraka na nina lapitopu, hakuna sababu nyingine. Mwaka juzi mamlaka ya maji ya mji wetu walitaka kuanza kufunga mita za kulipia kabla, zile wenyewe tunaziita luku za maji, wakaitisha webina ya wananchi kwenye Zoom, saa mbili usiku mpaka saa tatu na nusu, jopo watu wanne: mkurugenzi, mhandisi, meneja wa fedha na dada wa huduma kwa wateja. Nikaambiwa katibu andika muhtasari. Nikasema poa, mihtasari mingapi nimeandika mimi.

Nikaandika kama ninavyoandika vikao vyetu vya kila mwezi: kufungua kikao, mahudhurio, agenda, mengineyo, kufunga. Kwenye maswali nikaandika mstari mmoja ambao mpaka leo nikikutana na meneja wa fedha barabarani naangalia pembeni: "Jopo lilijibu kuwa bei ya maji haitabadilika."

Baada ya miezi kama minne bei ikapanda. Watu wakatoa muhtasari wangu kwenye grupu la Wasap, wakaenda nao ofisini umepigwa chapa kabisa. Ikabidi turudi kwenye rekodi, na kwenye rekodi meneja wa fedha anasema hivi: "kwa sasa hatujapeleka maombi yoyote EWURA ya kubadilisha bei." Basi. Bei za maji huku Tanzania bara huwa zinapita kwanza EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kwa hiyo alichosema ni kwamba siku ile hakuna maombi mezani, hakuahidi chochote, tena alisema yeye peke yake, wale watatu wengine walikuwa kimya. Neno "jopo" nilitia mimi, na "haitabadilika" pia nilitia mimi.

Tangu hapo nimeandika za namna hiyo nyingine tano na hiki ndo ninachofanya sasa.

Kwanza kabisa maswali yako wapi. Kwenye webina ya Zoom maswali hayaji sehemu moja, yanakuja sehemu tatu: kisanduku cha Q&A, chati ya kawaida, na wale wanaonyoosha mkono wakaruhusiwa kuongea. Watu wengi wanaandika muhtasari kutoka Q&A tu kwa sababu ile ukimaliza unaishusha kama faili la CSV na mambo yako safi, ila kumbuka watu wetu wengi wanaandika kwenye chati kwa sababu ndo wanayoijua. Siku ile ya luku za maji Q&A ilikuwa na maswali 58, chati nikaokota mengine 31, na waliopewa nafasi ya kuongea walikuwa 5. Jumla 94. Ningeishia kwenye CSV ningeacha zaidi ya theluthi ya maswali.

Halafu CSV yenyewe ina mtego wake. Swali lililojibiwa kwa mdomo, kwenye safu ya jibu linaandikwa "live answered" na hakuna kingine, jibu halisi liko kwenye rekodi. Sasa kulipata inabidi ujue saa ya rekodi na saa ya ukutani zinapishana kwa kiasi gani. Sisi tulianza 20:00 ila aliyebonyeza rekodi alikumbuka 20:07, kwa hiyo swali lililoulizwa kwenye chati 20:41 usilitafute dakika ya 41, lilikuwa dakika ya 34, na jibu lake linaanzia hapo kwenda mbele. Dakika zile 7 ziandike mahali mapema, zitakuokolea usiku mzima. Na kwenye muhtasari wenyewe usichanganye saa, ukiandika "saa 2:41" mmoja atasoma usiku mwingine atadhani alasiri kwa kizungu, mimi naandika dakika ya rekodi tu, kila mtu anaweza kwenda kusikiliza mwenyewe.

Majibu ya kuchapwa nayo yana shida ya aina yake. Kwetu wanajopo wawili pamoja na kijana wa IT walikuwa wanatumia akaunti moja iliyoandikwa jina la ofisi, kwa hiyo majibu 12 yalionekana yametoka kwa "ofisi" na hakuna anayejua nani kachapa. Sasa hivi kabla ya webina kuanza naomba kila mwanajopo aingie kwa jina lake na cheo chake, na kama haiwezekani basi kila jibu la kuchapwa limalizike na herufi mbili za mwandishi. Wanacheka ila wanafanya.

Sasa kupanga kwa mada, hapa ndo penye kazi kwelikweli. Mara ya kwanza nilipanga kwa idara, maswali ya fedha, maswali ya ufundi, maswali ya huduma, ikaonekana nadhifu sana na haimsaidii mtu, kwa sababu mama mwenye nyumba ya kupangisha swali lake liligawanyika vipande vitatu kwenye kurasa tatu. Panga kwa shida ya muulizaji. Sisi tuliishia na mada nne: bei na bili, wapangaji na wenye nyumba, mita ikiharibika, na mgao.

Na usipange kwa kutafuta neno. Nilijaribu, nikatafuta neno "hewa" kwenye jedwali nikapata maswali 8 nikayatupa yote kwenye mgao. Kumbe matano yalikuwa ya mtu anayesema bomba linatoa hewa siku mbili maji hayaji, huo ni mgao sawa, lakini matatu yalikuwa yanasema maji yakirudi baada ya kukatika ile hewa iliyojaa kwenye bomba inazungusha mita kabla tone halijatoka, sasa kwenye luku si uniti zangu zitaliwa na upepo? Hilo ni swali la bili, na ni swali zito kwelikweli, kwa sababu mita za kuzunguka hazijui kutofautisha hewa na maji. Mhandisi alilijibu vizuri sana, alizungumzia kufunga vali za kutolea hewa kwenye laini, na mimi karibu nimfukie chini ya ratiba ya mgao.

Baada ya mada kuna kuunganisha maswali yanayofanana, maana 94 huwezi kuyaandika yote, hakuna atakayesoma. Kipimo changu ni kimoja: je jibu moja lingewatosha wote hawa? Angalia haya matatu, nayaweka kama yalivyochapwa:

"nina wapangaji sita mita moja nan atanunua token"

"je kila chumba kinaweza pata mita yake"

"deni la mita ya zaman likibaki anaekuja analibeba?"

Yote ni ya wapangaji, kishawishi ni kuandika "wananchi waliuliza kuhusu wapangaji" ukaenda kulala. Lakini la kwanza alijibu dada wa huduma kwamba yeyote mwenye namba ya mita anaweza kununua, la pili mhandisi akasema inawezekana endapo bomba za ndani zitatenganishwa na gharama ni ya mwenye nyumba, la tatu likaenda kwa meneja wa fedha. Majibu matatu, watu watatu, basi ni maswali matatu. Yale 94 tuliyashusha mpaka 19 kwa kipimo hicho. Na pembeni ya kila swali naweka idadi ya waliouliza, nikihesabu watu, maana kuna mzee mmoja aliuliza swali lilelile mara sita.

Swali likishakamilika linaonekana hivi:

Swali 2.3 (waliouliza: 9, dakika ya 34). Mpangaji akihama akaacha deni la mita ya zamani, anayeingia atalibeba?

Meneja wa fedha: Deni linabaki kwa mteja aliyesajiliwa kwenye mita. Kama aliyesajiliwa ni mwenye nyumba, atalipa yeye kidogo kidogo kila anaponunua uniti.

Mhandisi (nyongeza, dakika ya 36): Siku ya kufunga mita mpya usomaji wa mwisho wa mita ya zamani utapigwa picha mbele ya mteja.

Hali: Limejibiwa nusu. Kiasi kitakachokatwa kwa kila manunuzi hakikutajwa. Atakayefuatilia: meneja wa fedha.

Ule mstari wa hali usiuache hata kama wanajopo watanuna. Kuna jibu linalosikika limekamilika kwa sababu msemaji ana sauti nzuri, ukiliandika ndo unaona namba haipo. Naandika "jopo" pale tu mwenyekiti anapofunga hoja kwa niaba yao au wengine wanapokubali kwa sauti, nje ya hapo ni cheo cha aliyesema. Wakipingana naandika wote wawili kwa mfuatano, sichagui mshindi. Maneno kama "kwa sasa", "tunatarajia", "kama bajeti itaruhusu" nayaacha yalivyo, hayo ndiyo yaliyonichoma.

Majina ya waliouliza siweki. Faili la Q&A linashuka na majina na barua pepe za watu, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, faili lile halitakiwi kuzunguka kwenye grupu. Naandika "mkazi" au "mwenye nyumba", inatosha. Kuna mtu kauliza kuhusu bili ya kwake na namba ya mita kaitaja, hiyo nafuta na naipeleka kwa huduma kwa wateja peke yake.

Yasiyojibiwa yanakaa sehemu yao mwishoni, kila moja na cheo cha mtu na tarehe. Tulikuwa nayo 4.

Kabla ya kutoa nje, kila mwanajopo namtumia majibu yake yeye tu, nampa siku mbili. Ukimtumia muhtasari mzima anaanza kuhariri majibu ya wenzake, nimeyaona hayo. Ruhusa yake ni kurekebisha nilichokosea kusikia. Akitaka kubadilisha alichosema kweli, sifuti, naongeza chini "Ufafanuzi baada ya kikao" na tarehe. Mara ya mwisho mkurugenzi mmoja aliniomba nifute sentensi nzima, nikamtumia dakika ya rekodi, akanyamaza kidogo kisha akaandika ufafanuzi wa mistari miwili, na kusema kweli ulikuwa mzuri kuliko jibu la kwanza. Dada wa huduma kwa wateja yeye alirudisha ndani ya lisaa na sahihisho moja tu, namba ya simu ya dharura nilikuwa nimekosea tarakimu ya mwisho.