Pengo la stoku lisikutishe, lifuatilie

"Mama, nimehesabu mzigo wote mwisho wa mwezi ila haulingani na daftari, sasa nitajuaje umepungulia wapi?"

Mwanangu, weka hela pembeni kwanza, hesabu vipande. Ukijumlisha kwa hela bidhaa moja inaweza kupungua sana na nyingine ikazidi, zikafichana, ukaona pengo dogo ukalala usingizi kumbe kumeoza. Nenda bidhaa moja moja, anza na zile zinazotoka sana.

Chukua mfano wa balbu za wati 9. Mwezi jana ulifunga na 40, ankara zinasema umenunua katoni 5 za balbu 24 yaani 120, umeuza 110, zimevunjika 2 na ukaziandika. Kwa hiyo:

40 + 120 − 110 − 2 = 48

Rafuni unakuta 17. Zimepungua 31, na hapo wengi wanaanza kumwangalia vibaya kijana wa kaunta, subiri kwanza. Angalia jirani yake, balbu za wati 12, ukikuta zimezidi 7 basi karibu hakika kuna mtu kauza za wati 9 akaandika za 12, maboksi yenyewe yanafanana. Pitia risiti za siku zilizouza sana utaona.

Zinabaki 24, na 24 ni katoni nzima! Pengo likilingana na katoni kamili mara nyingi kosa liko kwenye kupokea mzigo au kuuza jumla, sio kudokoa. Toa ankara uilinganishe na ile karatasi uliyosaini siku mzigo unashushwa, labda walileta 4 wakakuandikia 5. Ikisoma 5, tafuta stoo nyuma ya maboksi mengine, halafu uliza kama kuna mtu kachukua katoni kwa mkopo haikuandikwa.

Wizi wa kidogo kidogo una sura yake, vipande 3 mwezi huu, 5 mwezi ujao, bidhaa ileile, na hakuna jirani aliyezidi. Hesabu ya stoku haitakwambia ni nani, ila bidhaa hiyo ihesabu kila wiki ujue inapungua zamu gani.

Na hesabu duka likiwa limefungwa, mzigo uliofika saa hiyo uutenge kabisa mpaka umalize, maana ukiuhesabu na ankara yake ukaiingiza mwezi ujao utapata ziada ya uongo. Anayehesabu asipewe namba ya daftari, akiijua atahesabu mpaka aifikie (binadamu ndivyo tulivyo).

Ukimaliza usifute ile 48, andika mstari wa marekebisho na sababu yake, mwezi mpya uanze na 17. Ile katoni wakiileta baadaye iandike siku hiyo imefika, bila kuhesabu ankara ileile mara ya pili.