Menyu ikikatika katikati, usikimbilie kutuma tena

"Natumia kiswaswadu, hakina intaneti. Nikimtumia mama hela menyu inakatika katikati. Je, hela imeondoka?"

Pole ndugu yangu. Inategemea ilikatikia wapi. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa hapa Tanzania, menyu haimo kwenye simu. Inatoka kwenye mitambo ya kampuni, kupitia njia ileile ya mtandao inayoandaa simu za kupiga. Ndiyo maana bando halihitajiki. Simu yako inapeleka tarakimu tu, na ukichelewa kujibu, mtambo unakata.

Tuseme umechagua kutuma pesa, ukaandika namba ya mama, kisha 20,000. Ikikatika hapo, hakuna kilichotoka, anza upya. Ila ikikatika baada ya kuthibitisha kwa namba ya siri, ombi huenda limeshafika, na hapo ndipo watu wengi hutuma mara mbili. Subiri ujumbe wenye namba ya muamala. Usipokuja, angalia salio: likipungua 20,000 pamoja na makato, zimeenda.

Salio limepungua na mama hajapata? Piga 100. Mhudumu wa kweli hakuulizi namba ya siri.

Namba ya mama iandike kabisa kwenye karatasi, maana kuitafuta kichwani ndiko kunakokuchelewesha.