Ukipandisha eksesi ya bima ya gari, unafuu wa ada unakulipa baada ya muda gani?

Eksesi ni sehemu ya hasara inayobaki juu yako kila unapodai kwenye bima kubwa. Kampuni hulipa kinachozidi hapo. Bima ndogo haitengenezi gari yako wewe, kwa hiyo mwenye bima ndogo hapa hana cha kuchagua. Na eksesi hukatwa hata kama kosa si lako. Ukigongwa na mtu Darajani ukadai kwenye bima yako, sehemu hiyo utaitoa kwanza, halafu umfuate aliyekugonga au bima yake kwa ripoti ya polisi.

Kwenye karatasi za bima tafuta mstari unaofanana na huu: "asilimia 10 ya dai, isipungue shilingi 300,000." Wengi husoma asilimia 10 wakaishia hapo, na kumbe kwenye ajali ndogo kinachotawala ni yale maneno ya mwisho. Bampa na taa vikivunjika kwa shilingi 1,200,000, asilimia 10 ni 120,000, lakini utatoa 300,000 kwa sababu ndiyo kima cha chini. Hasara ikifika milioni 6, utatoa 600,000. Hakikisha pia asilimia hiyo ni ya dai, si ya thamani ya gari nzima. Kwa wizi hasa, baadhi ya mikataba huhesabu kwa thamani ya gari, na hapo tofauti ni kubwa.

Sasa tuchukue Noah ya milioni 12, mwenyewe anaiendesha Mwanakwerekwe hadi Mjini kila siku. Tuseme ada ni asilimia 4, yaani 480,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na eksesi ni 300,000. Wakala anamwambia: ukikubali eksesi ya milioni 1, tunakupunguzia ada kwa asilimia 15. (Viwango hivi ni vya mfano, chako kiulize.) Ada inashuka hadi 408,000, anaokoa 72,000 kwa mwaka. Lakini akipata ajali moja ya maana anaongeza 700,000 mfukoni mwake. Gawa 700,000 kwa 72,000: inabidi akae karibu miaka kumi bila kudai ndipo unafuu ufidie dai moja. Punguzo lingekuwa asilimia 25, angeokoa 120,000, na muda ungeshuka hadi chini kidogo ya miaka sita.

Mbona eksesi imepanda zaidi ya mara tatu na ada imeshuka kidogo tu? Kwa sababu mzigo mkubwa wa kampuni haujaondoka. Gari ikiungua, ikiibiwa au ikipinduka isitengenezeke, bado italipa milioni 11. Ulichoichukulia ni mikwaruzo na bampa, madai ambayo ni mengi lakini kila moja ni dogo.

Ila hesabu hiyo ina upande mwengine, na mawakala hawausemi sana. Madai mengine madogo usingeyapeleka hata kwa eksesi ya 300,000. Fenda na rangi zikigharimu 450,000, kampuni itakupa 150,000. Kama unapewa punguzo la asilimia 20 kwa kutodai, mwakani unalipoteza, nalo ni 96,000. Umebakiwa na 54,000, na siku kadhaa za kwenda na kurudi polisi, kwa mkaguzi na gereji. Ajali ya namna hiyo usiihesabu kuwa hasara ya eksesi kubwa. Ungeitengeneza mwenyewe tu. Hesabu zile za kuanzia milioni moja hivi.

Eksesi kubwa inamfaa anayeweza kutoa milioni 1 leo bila kukopa. Kwa kawaida gereji hulipwa na kampuni bili ikiwa imeshakatwa eksesi, na fundi hakupi ufunguo mpaka umalize sehemu yako. Usipokuwa nayo, gari inakaa gereji wakati spea zilishafika kutoka Dar. Na kama gari ni ya mkopo, iulize benki kabla ya kusaini, maana huenda imeweka kikomo cha eksesi.

Kabla ya kuchagua, mwombe wakala akuandikie ada mbili za gari hiyo hiyo, kwa thamani ile ile, kinachotofautiana kiwe eksesi peke yake. Muulize pia kama kuna eksesi ya ziada kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya, kwani hiyo hujumlishwa juu ya ile ya kawaida.

Jambo jengine: eksesi huhesabiwa kwa kila tukio. Mlango wa kushoto uliokwaruzwa mwezi uliopita na bampa la nyuma lililogongwa jana ni matukio mawili. Ukiyaweka kwenye fomu moja, mkaguzi atayatenganisha kwa kuangalia kutu na rangi, na utakatwa mara mbili.