Hotuba fupi kabla ya mpira: pa kukaa, sauti na rimoti

Swali: Shikamoo fundi. Hapa kwetu Chikongola, Mtwara, tumechangishana tukanunua televisheni ya mtaa ya inchi 43, na Jumamosi nimepewa kazi ya kukaribisha watu kabla ya mpira. Niseme nini kuhusu kukaa, sauti, na kubadili kutoka kwenye kisimbuzi kwenda kwenye flashi? Juzi wakati wa mapumziko tuliweka mabao ya timu yetu, kurudi kwenye mechi kukatushinda, skrini ikaandika No Signal.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo No Signal, maana hapo ndipo shughuli nyingi huharibika. Televisheni ikiandika hivyo inakwambia kwamba mlango uliouchagua hauleti picha. Kisimbuzi kiko HDMI 1, mtu katoka kwenye flashi akaishia HDMI 2 ambako hakuna waya. Mechi inaendelea ndani ya kisimbuzi, ila televisheni inatazama mlango mwingine.

Kabla hamjapanda juu kugusa dishi, chukua rimoti ya kisimbuzi ubonyeze Menu. Menyu yake ikitokea kwenye skrini, mlango ni sahihi. Tatizo litafute kwenye dishi au kifurushi. Isipotokea, mmekosea mlango, au kisimbuzi kimezimwa, au waya umelegea. Rudi kwenye rimoti ya televisheni, bonyeza Source (nyingine imeandikwa Input), shuka kwa mshale hadi HDMI 1, bonyeza OK, kisha ondoa kidole. Picha huchukua sekunde kadhaa kuja. Wengi hukosa subira hapo, wanabonyeza tena, na mlango unahama kabla picha haijafika. Fanya zoezi hilo mara tatu mchana, na kwenye rimoti ya televisheni bandika karatasi: «Mpira HDMI 1, flashi USB».

Jambo jingine: mkiwa kwenye flashi, mechi haiwasubiri. Mapumziko ni dakika 15, kwa hiyo rudini dakika ya 12 hata kama mabao hayajaisha.

Kukaa kunategemea ukubwa wa picha. Inchi 43 hupimwa kona kwa kona; kimo cha picha ni kama sentimita 53 tu. Mstari wa mbele uwe mita 2 kutoka kwenye skrini, wa mwisho usizidi mita 4 hivi. Ukivuka hapo mpira bado unauona, lakini dakika na matokeo pale juu vinakuwa vigumu kusoma. Simama mwenyewe pale nyuma, washa kipindi chochote chenye maandishi madogo, usome. Ukishindwa, sogeza mabenchi mbele. Watoto wakae mkekani, wazee kwenye viti nyuma yao, vijana kwenye mabenchi, na televisheni iinuliwe ili ukingo wake wa chini upite vichwa vya waliokaa. Pembeni kabisa usiweke mtu, kwa kuwa skrini nyingi hupauka ukizitazama kwa upande.

Sauti nayo hupungua haraka uwanjani, kwa sababu hakuna kuta za kuirudisha. Spika za televisheni nyingi hutazama chini au nyuma, kwa hiyo iweke mgongo wake karibu na ukuta wa nyumba, ukuta urushe sauti mbele. Pandisha sauti watu wakiwa wameshakaa, hadi mtu wa benchi la mwisho amsikie mtangazaji, kisha ikariri namba iliyotokea kwenye skrini. Usipandishe watu wanapopiga kelele za goli: zikinyamaza, jirani mwenye mtoto mchanga ndiye anayeumia.

Hotuba yenyewe ningeisema hivi:

«Wazee shikamooni, ndugu zangu karibuni. Watoto mkekani, wazee kwenye viti, sisi vijana mabenchini. Anayetaka kusimama asimame nyuma ya benchi la mwisho. Ukishindwa kusoma matokeo, sema sasa tukusogeze. Sauti tumeipima kwa benchi la mwisho, na itabaki hapo. Usiposikia, nyoosha mkono, usiifuate rimoti. Rimoti zote mbili leo anazo mtu mmoja, yule aliyekaa kulia kwa televisheni. Mapumziko tutaona mabao yetu kwenye flashi, na dakika ya 12 tunarudi kwenye mechi. Picha ikipotea, tumwachie dakika moja, asiguse mtu waya. Karibuni sana, tutazame mpira.»

Ukiisoma bila haraka haimalizi dakika mbili. Huyo mshika rimoti mteue mapema, na awe ndiye aliyefanya nawe zoezi la mchana, kwa sababu ukishampa kazi mbele za watu hutapata tena nafasi ya kumwelekeza.