Kabla hujalipia simu iliyotumika: tundu la chaji, waya na betri

Nikichomeka waya simu inaonyesha chaji, nikiuachia inakata. Muuzaji anasema waya ndio mbovu. Nimwamini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu utalipata kwenye waya wako mwenyewe. Nenda dukani na chaja na waya uliochajia simu yako asubuhi hiyo bila shida. Ikikata tena, kosa liko kwenye simu.

Hapo mulika ndani ya tundu kwa tochi. Pamba za mfukoni hujishindilia humo mpaka kichwa cha waya kisizame chote. Mwombe muuzaji azime simu, azitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano ya chuma hukwaruza pini. Waya ukizama vizuri na chaji ikatulia, tatizo limeisha. Ukizama lakini bado unacheza kama jino bovu, tundu limelegea. Kwenye Samsung nyingi za mfululizo wa A, tundu liko kwenye bodi yake ndogo, na fundi huibadilisha bila kugusa bodi kuu. Uliza bei ya kazi hiyo kwanza, kisha uikate kwenye bei ya simu. Lakini ukiona kutu ya kijani, iache simu hiyo. Maji yaliingia, na hujui yaliishia wapi.

Waya wa taipu C unachaji ukiugeuza upande mmoja tu. Ni tatizo? (Msomaji, Tabora)

Ndiyo. Tundu hilo lina pini juu na chini ili waya ufanye kazi kwa namna yoyote utakavyouchomeka. Ujaribu waya huohuo kwenye simu nyingine. Kule ukichaji pande zote, ujue kwenye simu unayotaka kununua kuna pini zilizochafuka au kupinda. Ukiweza, iunganishe pia na kompyuta na uhamishe picha moja, maana pini za data si zilezile za umeme, na simu inaweza kuchaji vizuri huku kompyuta haiioni kabisa.

Betri nitaipimaje pale dukani? Muuzaji hataki nikae saa nzima. (Msomaji, Temeke)

Dakika 20 zinatosha, ila usikubali kupima simu iliyojazwa hadi 100, kwa sababu betri iliyochoka hujificha huko juu. Omba uikute kwenye 40 hivi.

Nilimpimia mdogo wangu Galaxy A12, simu yenye betri ya 5000 mAh na chaji ya wati 15. Tuliikuta na asilimia 42. Nikaongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, nikarekodi video kwa dakika 10. Betri nzima ingeshuka asilimia chache tu, tena moja moja. Hii ilitoka 42 hadi 41, ikaruka hadi 36, ikaishia 29. Betri ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Simu ikidai umeme mwingi, volti huanguka ghafla na hesabu ya asilimia huruka nayo.

Kisha nikachomeka chaja yangu ya wati 15. Dakika 10 baadaye ilisoma 48, na muuzaji akafurahi kwamba inapokea chaji upesi. Piga hesabu: wati 15 kwa dakika 10, hata bila kitu kupotea njiani, ni kama asilimia 13 ya betri ya 5000 mAh. Hii ilipanda 19. Ndoo iliyojaa mchanga nusu hujaa maji upesi, na betri ile ilikuwa hivyo. Tuliiacha.

Kipimo hiki hunasa betri iliyochoka sana. Iliyopungua kidogo inaweza kukupita.

Nimepata iPhone 11, afya ya betri inasoma 100%. Ni bahati? (Msomaji, Nakuru)

Simu hiyo ilitoka 2019, na Apple yenyewe huitarajia betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko kamili 500. Kwa hiyo 100 maana yake betri imebadilishwa, au namba imechezewa. Fungua Settings, General, About. Betri ikiwa imebadilishwa, kuanzia iOS 15.2 utaona Parts and Service History. Genuine Apple Part ni habari njema. Unknown Part ni sababu ya kushusha bei. Usipoona chochote hapo na bado inasoma 100, mimi nisingeiamini namba hiyo. Ipime kwa kamera kama ile A12.

Mfuniko wa nyuma umeinuka kidogo pembeni, muuzaji anasema ni gundi tu. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Ilaze juu ya kioo cha kabati la duka, bila kava. Ikizunguka kama pia, au ukiona mwanga ukipita chini ya skrini, chukulia kwamba betri imevimba kwa gesi. Usiukandamize mfuniko urudi na usiichaji kuijaribu. Betri hiyo inaweza kuwaka. Mrudishie mwenyewe, umwambie asiichaji tena kabla fundi hajaitoa betri.