Kuhesabu stoo ya Makambako ukiwa Mbeya

Kwenu mnaoanza ukaguzi: stoo ya mbolea ikiwa Makambako nanyi mko ofisini Mbeya mkihesabu kwa simu ya video, msimwachie mtunza stoo aamue simu ielekee wapi. Mwambieni mapema kwamba nyinyi ndio mtakaosema geuka kushoto, panda juu, rudi nyuma. Video aliyoirekodi jana msiipokee kama hesabu ya leo. Aanze nje, kwenye kibao na barabara, aingie bila kukata simu. Mtandao ukikatika, na Desemba mvua ikinyesha hukatika kweli, arudie rundo lile tangu mwanzo.

Tuchukue rundo moja. Karatasi ya hesabu ya tarehe 31 Desemba inasema mifuko 1,200 ya urea, ya kilo 50 kila mmoja. Kwa mbele mnaona tabaka 10, na mtunza stoo anawaambia kila tabaka lina mifuko 120. Hesabu inakubali, na hapo ndipo wengi huandika tiki. Mnachokuwa mmekiona ni ukuta wa mbele tu. Mwambieni aweke ngazi, aonyeshe juu, kisha nyuma upande wa ukutani. Hapo inaonekana kwamba tabaka nne za juu zimepungua kwa nyuma, mifuko 36 kila moja. Pungufu ni 144. Iliyopo ni 1,056. Katikati nako aondoe mifuko michache mnapochagua nyinyi, maana rundo linaweza kuwa na shimo ndani.

Mtunza stoo atasema 144 ilitoka jana jioni na leja haijaandikwa. Inawezekana kabisa, ila msipokee picha ya hati moja aliyoituma WhatsApp. Afungue kitabu cha hati za kutolea mzigo mbele ya kamera, apekue kurasa za kabla na za baada, muone namba zinafuatana na tarehe hazirukiruki. Kisha mhasibu ashee skrini afungue akaunti ya mteja huyo ndani ya mfumo wenyewe, si faili la Excel, muone ankara imeingia mwaka huohuo. Mnunuzi mpigieni wenyewe, kwa namba mliyoitafuta nyinyi, si aliyowapa mtunza stoo.

Kampuni ikiwa na stoo nyingine Njombe, zihesabiwe siku moja, wakaguzi wawili kwa wakati mmoja. Vinginevyo mzigo uleule unaweza kusafirishwa na kuhesabiwa mara mbili. Na msihesabu kutoka karatasi kwenda sakafuni peke yake. Chagueni pia rundo mnaloliona kwenye kamera, mlitafute kwenye karatasi. Njia ya kwanza hufichua mali isiyokuwepo, ya pili hufichua iliyoachwa nje ya hesabu.

Kamera haiwaonyeshi kama urea imeganda kwa unyevu. Mifuko michache ipimwe kwenye mizani, sifuri ikionekana kwanza, na mmoja ufunguliwe. Mbolea ikiwa ndiyo sehemu kubwa ya mali ya kampuni na majibu bado yanayumba, pandeni basi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi havikubali gharama au usumbufu pekee kuwa sababu ya kutokwenda.